Kabla Fundi Hajafomati PS4 Yako, Mwambie Angoje Kidogo

Wasee, leo nataka kuongea juu ya kitu kimeniuma tangu 2022. Mwaka huo PS4 yetu ya nyumbani ilikataa kufungua mchezo. Nikaibeba kwa begi ya shule hadi kwa fundi mmoja tauni, akaiwasha, akaangalia skrini kama dakika mbili hivi, akasema, "Hii ni ya kufomati tu." Mimi nikasema sawa. Sikuuliza swali hata moja. Nikarudi nyumbani na mashine inawaka fiti kabisa, safi kama imetoka dukani, na seivu zangu za miaka miwili hazipo. Misimu minne ya timu niliyoijenga kutoka ligi ya chini, zote zimeenda. Na zaidi ya hizo seivu, michezo yote ilibidi iwekwe upya, na apdeti zote zivutwe upya kwa bando niliyokuwa nanunua na pesa ya lanchi.

Kumbe shida yangu ingeisha bila kufuta kitu chochote. Hiyo nilikuja kujua baadaye sana.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: kufomati PS4 ni hatua ya mwisho kabisa, na msee yeyote anayeanza nayo anakuuzia dawa ya malaria kabla hajapima. Kuna mpangilio. Unaanza na kile hakifuti kitu, unapanda polepole, na mara nyingi hufiki juu.

Sasa niwape kesi ya wiki mbili zilizopita, juu ilikuwa na kila kitu ndani.

Binamu yangu wa Umoja alinipigia simu Jumamosi. "Bro, PS imekufa. Apdeti ya mpira imekwama tangu Alhamisi, na fundi ameniambia hadiski imeisha. Anataka thao tatu." Hadiski, kwa wale hawajui, ni ile sehemu ya ndani ya mashine inayoweka michezo, seivu na kila kitu. Nikamwambia asitoe hata bob kumi kabla sijafika.

Nilipofika sikugusa mipangilio yoyote. Nilimwuliza swali moja tu: ni mchezo huu mmoja unakataa, ama ni yote? Akaniambia ni huo mmoja. Ule wa magari unafungua vizuri, ule wa kupigana pia. Hapo tayari nilijua hadithi ya hadiski kuisha ina mashaka. Hadiski ikiwa inakufa haichagui mchezo mmoja na kuacha mingine ikicheza siku tatu bila shida. Kila kitu huanza kuwa kizito: menyu inaganda, michezo tofauti inakutoa katikati, mashine inachukua dakika nyingi kuwaka. Mchezo mmoja ukikataa peke yake, anza kwa kushuku huo mchezo wenyewe.

Kisha tukafungua Notifications, tukaingia Downloads. Apdeti ilikuwa hapo na alama ya hitilafu kando yake. Binamu hajawahi kuibonyeza hata siku moja. Tulipoibonyeza, mashine ikasema wazi kwamba nafasi haitoshi. Akacheka. "Hiyo ni uongo, bro. Apdeti ni 6 GB, na mimi niko na 19 GB. Ndio maana fundi akasema hadiski imeharibika, haijui hata kuhesabu."

Na hapa ndipo wengi wetu hupotea, kwa hivyo nielezeni polepole.

PS4 haibandiki apdeti juu ya mchezo kama stika. Ikimaliza kuivuta, inaanza kazi nyingine unayoona imeandikwa Copying. Hapo inatengeneza nakala ya mchezo iliyochanganywa na vitu vipya, na mchezo wa zamani unabaki pale hadi nakala mpya iwe tayari. Maana yake kwa muda fulani mashine inahitaji nafasi ya kutosha mchezo huo mara ya pili, pamoja na apdeti yenyewe. Mpira wa binamu ulikuwa 47 GB. Ongeza 6, unapata 53 GB. Yeye alikuwa na 19. Mashine ilijua kuhesabu vizuri kabisa. Sisi ndio tulikuwa tunahesabu vibaya.

Na hiyo ndiyo sababu Copying hukaa sana. Hadiski ya PS4 ni ile ya kuzunguka, si ya kasi, na kunakili mchezo mzima kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko hata kuvuta apdeti yenyewe. Ukiona asilimia inasonga polepole, hiyo haijakwama. Iache. Iliyokwama ni ile imekaa pale pale masaa na masaa, ama iko na alama ya hitilafu.

Tukaenda Settings, kisha Storage, kisha System Storage. Mashine yake imeandikwa 500 GB kwa boksi, lakini nafasi unayopewa utumie ni zaidi kidogo ya 400 GB, juu mfumo wenyewe unachukua sehemu yake. Ukiingia hapo unaona nafasi imegawanywa: Applications ni michezo, Capture Gallery ni video na picha ulizorekodi, Saved Data ni seivu. Sheria yangu ni rahisi. Saved Data usiguse. Ni ndogo, haikuokolei nafasi ya maana, na ndiyo kitu pekee huwezi kununua tena.

Capture Gallery ilikuwa imekula 11 GB. Video za magoli aliyofunga 2023, hata hakumbuki alimfunga nani. Tukafuta. Kisha kulikuwa na mchezo mmoja wa 41 GB aliomaliza kitambo, na sidii yake iko kwa droo. Tukafuta huo pia. Hapa sikiza vizuri: ukifuta mchezo kwa PS4, seivu zake hazifutiki. Zinakaa sehemu yake. Siku ukirudisha mchezo utaendelea penye uliachia. Kwa hivyo 19 jumlisha 11 jumlisha 41, tukawa na 71 GB. Inatosha na inabaki.

Apdeti ikaanza kusonga. Tukaagiza chipsi, tukakaa. Copying ikafika kama nusu hivi, halafu stima ikapotea mtaa mzima.

Manze.

Iliporudi baada ya dakika arobaini, PS4 iliwaka na ule ujumbe wa kulalamika kwamba haikuzimwa vizuri, ikakagua hadiski yenyewe, ikafungua menyu. Lakini sasa ule mchezo haukufunguka kabisa. Apdeti haikusonga mbele, haikukubali kukanselwa. Binamu akaniangalia na macho ya "si ungeacha fundi afanye kazi yake."

Hii sasa ni shida ya pili, tofauti kabisa na ya kwanza. Nafasi iko, ila rekodi zimechanganyikiwa. Fikiria duka la jumla lenye daftari la stoki. Bidhaa ziko kwa rafu, lakini daftari ndilo linasema nini kiko wapi. Stima ikipotea katikati ya kuandika, unabaki na ukurasa nusu: daftari linasema kitu kiko hapa, ukienda hapa hakuna. Rebuild Database inazunguka duka lote, inaangalia rafu moja moja, kisha inaandika daftari jipya. Haitupi bidhaa. Hiyo ndiyo tofauti yake na kufomati, ambayo ni kuchoma duka ili upate daftari safi.

Lakini kabla hujaifanya, kama mashine bado inafungua menyu, toa seivu zako nje kwanza. Hii ni kwa ajili ya usalama, juu hadiski iliyokatiwa stima huwezi kuapia. Chomeka fleshi, enda Settings, kisha Application Saved Data Management, kisha Saved Data in System Storage, kisha Copy to USB Storage Device. Za binamu zote ziliingia kwa fleshi ya zamani ya 8 GB na nafasi ikabaki. Kumbuka tu kwamba seivu zimefungwa kwa akaunti yako, kwa hivyo utazirudisha ukiwa kwa akaunti ile ile, si ya beshte yako.

Sasa ikaja Rebuild yenyewe. Zima PS4 kabisa. Si ile Rest Mode ya taa ya rangi ya chungwa, zima hadi taa zote ziende. Kisha bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie. Utasikia mlio wa kwanza, usiachilie. Kama sekunde saba hivi utasikia mlio wa pili, hapo ndio unaachilia. Skrini ya Safe Mode itatokea, na itakuambia uunganishe padi kwa waya ya USB na ubonyeze kitufe cha PS. Padi bila waya haitafanya kazi hapo, na kuna waya za kuchaji tu ambazo pia hazitafanya, kwa hivyo padi ikikataa badilisha waya kwanza kabla hujasema imekufa.

Utaona orodha ya vitu saba. Namba 5 ni Rebuild Database. Chini yake, namba 6, ni Initialize PS4. Ziko karibu hivyo, zimepakana kabisa, moja inapanga na nyingine inafuta kila kitu. Soma mara mbili kabla hujabonyeza. Wale wa PS5 nyinyi mko na kitu karibu sawa, imeandikwa Clear Cache and Rebuild Database.

Ya binamu ilichukua dakika ishirini na tano. Mashine yenye vitu vingi inaweza kuchukua masaa, na mashine inaweza kukuonyesha muda mrefu mwanzoni halafu imalize mapema. Usiizime katikati. Na baada ya ile ya stima, tuliomba jirani mmoja mwenye betri ya kuhifadhi umeme atuchomekee kwake. Iliporudi, aikoni zilikuwa zimebadilisha mpangilio na arifa za zamani hazikuwepo. Hiyo ni kawaida, usishtuke. Michezo yote iko, seivu zote ziko. Ile apdeti nusu ikakubali kufutwa, tukaenda kwa mchezo, tukabonyeza OPTIONS, tukachagua Check for Update, ikaanza upya. Usiku huo ikamaliza.

Kama ingekataa bado, hatua inayofuata ingekuwa kufuta mchezo huo mmoja tu na kuuweka upya. Inauma kwa bando, lakini ni mchezo mmoja. Si mashine nzima.

Lakini niseme ukweli pia juu ya Rebuild, juu kuna wasee huko nje wanaiuza kama maji ya baraka. Haiongezi nafasi ya maana. Haiponyi hadiski yenye sehemu zimekufa. Na haina uhusiano wowote na sidii isiyosomeka. Ukiona Rebuild inaganda mahali pale pale kila ukijaribu, ama unasikia mashine ikigonga tik-tik-tik ndani, ama inakupa CE-34335-0, hapo sasa fundi akisema hadiski imeisha, mwamini. Dawa yake ni kununua nyingine ya inchi 2.5 ya laptopu, kuiweka ndani, na kusakinisha mfumo upya kutoka kwa fleshi kwa kutumia namba 7 ya Safe Mode. Faili inaitwa PS4UPDATE.PUP na lazima ikae kwa folda hivi:

```
PS4/UPDATE/PS4UPDATE.PUP
```

Chukua ile faili kubwa ya kusakinisha upya, si ile ndogo ya apdeti ya kawaida. Wengi hukwama hapo.

Tukadhani tumemaliza. Asubuhi binamu anaweka sidii ya mpira, mashine inaisoma vizuri. Anaweka ile ya kupigana, inazunguka, inazunguka, inasema haitambui diski. "Si mchezo uko ndani ya hadiski tayari? Inataka sidii ya nini?" Swali zuri. Kwa PS4, mchezo wa sidii huwekwa wote kwa hadiski, na unacheza kutoka hapo. Lakini kila ukiufungua, mashine inataka kuona sidii ndio ijue wewe ndiye mwenyewe. Sidii isiposomeka, mchezo umekaa ndani mzima na huwezi kuugusa.

Swali la kujiuliza ni lile lile: ni hii sidii ama ni mashine? Njia ya kujua haina gharama. Weka sidii nyingine kwa mashine hiyo. Kisha peleka sidii inayokataa kwa mashine ya mtu mwingine. Mashine ikisoma zingine vizuri, na sidii hiyo ikakataa kote, shida ni sidii. Mashine ikikataa kila sidii, na hizo sidii zinasoma kwingine, shida ni sehemu ya kusoma, yaani lenzi ama mota yake, na hiyo ni kazi ya fundi halali. Hakuna kufomati kutakufaa kwa kesi zote mbili. Tulipeleka ya binamu kwa pleisteshen ya mtaa, mahali watu hulipa kucheza. Ikakataa mashine mbili.

Tukaipangusa na kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, si kwa kuzungusha. Alama za vidole na mafuta ya chipsi zikatoka. Mkwaruzo mrefu ukabaki. Jamaa wa pleisteshen akasema, "Paka kolgeti." Nikakataa, na nitawaambia kwa nini. Ile mbinu ya dawa ya meno ilitoka enzi za DVD, ambapo data iko katikati ya plastiki, kama milimita 0.6 kutoka upande unaosomwa. Kulikuwa na plastiki ya kusugua. Sidii za PS4 ni blurei, na kwa blurei data iko milimita 0.1 tu chini ya uso, juu yake kuna tabaka gumu la kuilinda. Ukisugua unaondoa ulinzi, na chini yake hakuna plastiki ya kupoteza. Unaweza kugeuza sidii inayosoma mara moja moja kuwa sidii isiyosoma kabisa.

Kwa hivyo hiyo moja tuliipoteza. Seivu yake bado iko, akipata sidii nyingine ya mchezo huo huo wa toleo lile lile ataendelea.

Sasa najua mafundi wengine watakuja hapa chini kunitusi. Wataniambia mteja anataka mashine leo, na kufomati ni nusu saa na inafanya kazi. Naelewa. Kukaa na mashine moja ukihesabu GB za mtu hakulipi kodi. Na kuna siku kufomati ndiyo jibu la kweli, nimesema. Shida yangu si kwamba fundi anafomati. Shida ni kwamba hasemi kile unapoteza. Kwake ni nusu saa. Kwako ni seivu za miaka miwili na bando ya mamia ya GB. Kama hulipii PS Plus, seivu zako za PS4 hazijaenda mtandaoni popote, ziko pale tu anapotaka kufuta.

Kwa hivyo ukimpelekea fundi, muulize mambo matatu ukiwa umesimama hapo hapo. Umeangalia nafasi na ule ujumbe wa Downloads? Umefanya Rebuild? Seivu zangu umezitoa kwa fleshi? Akijibu zote tatu na bado anasema ni kufomati, mpe kazi na umlipe vizuri, huyo anajua. Akikuangalia kama umemtusi, chukua begi yako.

Binamu thao tatu zake bado anazo. Ameniambia atanunua sidii ya pili. Mimi nilipata chipsi baridi na safari ya matatu mara mbili, na kusema ukweli, kila nikiona ile timu yake ya misimu mitano ikifunguka, nakumbuka yangu ya minne.

Wewe mashine yako imekwama wapi? Andika hapo chini ni mchezo mmoja ama yote, na nafasi iliyobaki ni ngapi. Bila hizo mbili hata mimi nitakuwa nabahatisha.